Sufuria Niliyoiruka

Kwanza niseme ukweli: mimi nina hasira za karibu, na kinachonikera kuliko vyote ni tafsiri ya ovyo. Nikiona kibao kimeandikwa vibaya naweza kushuka kwenye teksi nikabishane na mwenye duka. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Mama, wewe utakuja kupigwa kwa sababu ya kibao." Sikuwahi kupigwa. Ila siku moja nilipata adhabu yangu, na aliyeniponza hakuwa mwenye kibao yeyote. Nilijiponza mwenyewe.

Nilikuja Kampala kutoka pwani ya Kenya miaka michache baada ya vita vya Uganda vya mwaka themanini na sita. Mume alikuwa amepata kazi ya kutengeneza malori, nami nikamfuata na sanduku moja na mbuzi yangu ya kukunia nazi. Watu walinicheka kwa ile mbuzi. Nikapata kazi ya kuchapa barua katika ofisi ndogo mjini, na wateja wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kongo, kwa hiyo Kifaransa changu cha shule kikapata mazoezi hadi kikakomaa. Taratibu nikawa mfasiri. Vyeti, mikataba ya vitambaa, barua za mapenzi pia, nisiseme uongo.

Kwenye barabara ya kwenda Ggaba palikuwa na mgahawa niliokuwa nikila mchana kila nilipopata kazi upande ule. Mpishi wake alikuwa mama wa makamo kutoka kaskazini, binti wa askari, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kambini utotoni. Siku ya kwanza niliagiza maharage. Nikayaonja, nikauliza kwa sauti kama yamepikwa au yameogeshwa. Mpishi akatoka jikoni, mikono kiunoni.

"Wewe Mkenya, kama iko na mdomo, kuja upike mwenyewe!"

Jumamosi iliyofuata nikaenda kweli. Nilipitia soko la Owino nikanunua nazi tatu zilizosafirishwa kutoka kwetu, nikabeba na mbuzi yangu, nikakaa katikati ya jiko lake nikakuna. Wahudumu wakaja kunitazama kama sinema. Tui la pili nikachemshia maharage, tui zito nikamalizia. Mpishi akaonja kijiko kimoja, akaonja cha pili.

"Kale," akasema, yaani haya basi, kwa Kiganda. "Umeshinda."

Tangu siku ile tukawa marafiki, na maharage ya mgahawa ule yakawa ndiyo yale yangu. Zikikosekana nazi aliweka tui la unga wa pakiti. Wateja waliyapenda, na baada ya miaka kadhaa hakuna aliyekumbuka kwamba zamani yalipikwa vingine. Hata mimi sikukumbuka, na naomba msomaji ashike jambo hilo.

Miaka ikapita. Kampala ikajaa wageni, simu za kugusa zikafika, na mwenye mgahawa, bwana mmoja mpole anayependa sana fulana za wavuvi, akaanza kupokea watalii na wafanyabiashara wa nje. Siku moja kampuni moja ya kuleta wageni ikamwambia wazi: menyu yako haionyeshi vyakula vinavyowadhuru watu, nasi tuna wageni ambao chakula fulani kinaweza kuwaua. Andika, au hatuleti mtu. Naye akampa karani wake kazi hiyo, karani akaipeleka kwenye kompyuta, kompyuta ikatema.

Niliiona menyu ile nikiwa nasubiri chai. Chini ya kila sahani, bila kuchagua, kwa Kiswahili: "Huenda ina kokwa."

Lo! Damu ikanipanda. Nikamwita mwenye mgahawa, nikamwambia, "Bwana, kokwa ipi? Ya embe? Mtu asiyeweza kula karanga akisoma hapa atajuaje kama unamwambia yeye? Na mtu anayedhurika na nazi lakini karanga anakula bila shida, atakula nini humu? Umewafungia mlango wote pamoja, halafu umewaandikia 'huenda' kwenye chungwa!" Kwa kweli walikuwa wameandika hata kwenye chungwa.

Akacheka hadi akafuta macho. "Sasa mama, si ufanye wewe?"

Nikafanya. Nilimpa sharti moja: siandiki chochote nilichoambiwa kwa mdomo mpaka nimekiona jikoni. Nipewe siku tatu. Menyu iwe na Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, na chini ya kila chakula kitajwe kitu chenyewe kwa jina lake. Karanga iitwe karanga, kwa Kifaransa *arachide* kama Wakongo wanavyosema wenyewe. Nazi isimame peke yake, ufuta peke yake, maziwa, mayai, samaki, ngano, kila kimoja mahali pake. Tena kuwe na safu mbili: "ina", kwa kile kinachotiwa makusudi, na "huenda imegusana na", kwa kile kinachoweza kuingia kupitia mafuta, kijiko au kinu. "Huenda" isiwe kificho cha mtu asiyetaka kuchunguza.

Asubuhi ya kwanza nilikosea mara moja, nikashukuru. Nilimuuliza mpishi kama mboga zake za majani zina karanga. Akasema hapana. Nikaandika hapana. Mboga zilipokaribia kuiva, akafungua kopo, akachota kijiko kizima cha karanga zilizosagwa, akakoroga ndani.

"Ala! Na hiyo je?"

"Hiyo?" Alishangaa kweli, hakuwa anadanganya. "Hiyo hapana kupika na karanga. Hiyo ni kumaliza tu. Ukitaka chakula ya karanga, ni ile mchuzi yenyewe ya karanga. Hii ni ya kushika mboga. Mgeni akikula mboga bila hii, atasema nimemnyima."

Nikamkaripia. Sikumkaripia kidogo. Nikamwambia kwamba yupo mtu ambaye kile kijiko cha heshima kwake ni sumu: midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka, koo linajifunga, anaweza kufa kabla chai haijapoa. Kwamba moto hauondoi sumu hiyo. Kwamba hata kidogo ni kingi. Alisikiliza kijiko kikiwa hewani.

"Karanga? Hii karanga tunayopea watoto?"

"Hiyo hiyo."

"Mungu wangu," akasema, akakaa juu ya gunia la viazi.

Nami nilidhani atanuna, lakini yule mama ana moyo. Alipoinuka alianza kunitolea siri za jiko lake moja baada ya nyingine, hata zile nisizoziuliza. Kopo la ufuta uliosagwa: "Andika karanga hapa pia. Wale wa soko wanachanganya, juu ufuta ni ghali." Kinu cha mbao: asubuhi kinatwanga karanga, jioni kitunguu saumu. Kikaango kikubwa: mchana samaki, jioni karanga za wanywaji, mafuta yale yale. Kuku aliyefungwa kwenye majani ya ndizi: karanga ndani, na kwenye fungu la nyama linalopikwa kando yake pia, kwa sababu mvuke ni wa chungu kimoja na mchuzi humwagika. Keki ya muhogo: nazi. Mchuzi wa samaki wa manjano: nazi. Mwenye mgahawa akatuma mtu kwa mafundi wa Katwe akanunua kikaango kipya na sufuria mbili, tukavifunga utambi mwekundu wa kitambaa kwenye vishikio, visiguse karanga maishani mwao.

Nilikaa na kila sufuria kutoka motoni hadi sahani. Nilinuka moshi, macho mekundu, na nilifurahi mno. Nilijiona mtu wa maana. Kila mara mpishi alipotaka kunieleza kitu nilimkata: "Usiniambie, nionyeshe."

Siku ya tatu alasiri ikabaki sufuria moja. Mpishi aliifunua, akanitazama.

"Hii pia utakaa nayo?"

Maharage. Miguu ilikuwa inaniuma, na karani alikuwa ananisubiri nikamsomee maandishi ya mwisho. Nikacheka.

"Hayo? Hayo nayajua hata nikiwa usingizini. Si mimi niliyekufundisha?"

Akacheka pia, akafunika. Nami nikaandika, mkono wangu mwenyewe, kalamu yangu mwenyewe: maharage, vitunguu, nyanya, chumvi, mafuta ya alizeti. Karanga, haina. Ufuta, haina. Nazi, haina.

Msomaji atasema sasa huyu mama alikuwa mwendawazimu. Sikuwa. Ungeniamsha usiku ukaniuliza maharage yana nini, ningekutajia hivyo hivyo. Kwetu tui halikuwa kiungo. Lilikuwa ndiyo maji ya kupikia, na nani anaandika maji? Mpishi alikuwa na kijiko chake cha kumalizia asichokihesabu, nikamkemea mbele ya wahudumu wake. Nami nilikuwa na changu.

Jumapili menyu mpya ziliwekwa mezani, ngumu, zinang'aa. Nilienda mchana baada ya kanisa, nimevaa vizuri. Mwenye mgahawa akanipa meza karibu na dirisha, akasema leo nile chochote, asante yangu hiyo. Sikuwa na njaa sana. Nilitaka kuona mtu akisoma kazi yangu.

Meza ya pili wakakaa mama mmoja na binti yake wa miaka tisa hivi. Mama alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya ndimu, mfanyabiashara kutoka Bukavu, kama nilivyokuja kujua, aliyekuja kununua mzigo na kumtembeza mtoto likizoni. Mtoto alikuwa na nywele zilizosukwa ndogo ndogo na alikuwa ametoa tayari mayai mawili ya kuchemsha kwenye mkebe, ameyaweka mbele yake, bila furaha. Mama akafungua menyu. Akaanza kusoma upande wa Kifaransa kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Kidole kikasimama. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akamwita mhudumu, na mhudumu akaninyooshea mkono mimi.

Akaja mwenyewe mezani kwangu.

"Mama, ni wewe uliandika hii?"

"Ndiyo mimi."

"Mtoto yangu," akasema, akashika kiti, "karanga na nazi zinamuua. Si kusema ugonjwa, mama, zinamuua. Mara mbili nimemubeba hivi, hapumui. Kila fasi tunakwenda, ninauliza, wananiambia hakuna, kumbe iko. Sasa anakula mayai na ndizi. Kwenye hoteli, mayai na ndizi. Kwa harusi, mayai na ndizi." Macho yake yalijaa. "Leo ni mara ya kwanza ninaona mutu ametenga karanga kwake na nazi kwake. Ni mara ya kwanza atachagua mwenyewe."

Nilivimba kichwa, nakiri. Nilimwambia, "Mama, nimekaa jikoni siku tatu. Mwache mtoto achague."

Mtoto akachagua. Alichukua muda mrefu, anasoma kila mstari, mguu unacheza chini ya meza. Samaki wa kukaanga, kwenye kikaango chenye utambi mwekundu. Mama alisisitiza, na mhudumu akaahidi, na kweli walifanya. Na maharage. Yale mayai mawili aliyarudisha kwenye mkebe, akafunga kifuniko kwa nguvu, akaketi wima kama mtu mzima.

Sahani yangu ilikuja wakati mmoja na zao. Mpishi alikuwa ameniwekea maharage bila kuniuliza, kama kawaida. Nikachota. Nikatia mdomoni, nikafumba macho kidogo, nikajiambia moyoni: huyu mama leo hakunipunja, tui limekolea kama la kwetu.

Tui.

Sijui nilisimamaje. Kiti kilianguka nyuma yangu. Nilipiga kelele, "Mtoto asile! Asile maharage!" na watu wote wakageuka, na yule mtoto akageuka pia, kijiko kikiwa kinatoka mdomoni. Kilikuwa cha tatu, mama yake aliniambia baadaye.

"Yana nazi," nikasema. "Yana nazi, yana nazi." Nilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mtoto aliweka kijiko chini kwa adabu. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ulimi unaniwasha."

Yule mama hakunitukana, hakulia. Alikuwa amelifanya jambo hili kabla. Alimimina mkoba wake mezani, akachukua sindano ya dharura, ile yenye dawa tayari ndani ya bomba lake, akamshika mtoto paja, akaichoma upande wa nje, juu ya gauni, akaishikilia huku akihesabu kwa Kifaransa. Mpaka hapo midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuvimba na mabaka mekundu yalikuwa yanapanda shingoni. Akaanza kukohoa. Mwenye mgahawa alikuwa ameshaleta gari mlangoni. Mpishi akatoka mbio na aproni yake, akaingia nyuma pamoja nasi bila kuambiwa.

Njiani mama alimkalisha mtoto wima kifuani kwake, maana kulala kulimzidishia kukosa pumzi. Nilikaa mbele, shingo imegeuka nyuma. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga mluzi. Nimezaa watoto watatu, nimemzika mume, lakini sijasikia sauti iliyonikata maini kama ule mluzi. Niliomba. Nilimwambia Mungu achukue ulimi wangu, macho yangu, kalamu, achukue anachotaka. Mpishi alikuwa ameshika viatu vya mtoto, vyote viwili, kama vingepotea.

Hospitali walimwingiza moja kwa moja. Wakamchoma sindano ya pili, wakamwekea hewa. Sisi tukabaki kwenye veranda, kwenye benchi, tunatazama mlango.

Baada ya muda mwenye mgahawa alinisogelea, akanong'ona. Alikuwa mtu mpole, lakini hofu ilikuwa imembadilisha sura. "Mama, usijilaumu. Wewe umeandika ulichopewa. Huyu mpishi hakutaja nazi. Mtoto akipona, akifa, huyu lazima aende. Nitawaambia wale wa kampuni ya wageni kwamba nimemfukuza."

Mpishi alisikia. Hakuwa mbali. Aliinamisha kichwa, anasugua kiatu kimoja cha mtoto kwa kidole gumba.

Nikamgeukia, na hata hapo, jamani, hata hapo, hasira yangu ndiyo iliyotoka kwanza. "Lakini kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia bila chuki. Angekuwa na chuki ingenisaidia.

"Mama, hiyo nazi ni yako. Wewe ulinifundisha. Mimi nilijua unajua."

Nilikaa pale nikaiona ile alasiri yote: mkono wake kwenye kifuniko, swali lake, kicheko changu. Alikuwa ameniuliza kabisa. Sufuria zote za watu wengine nilizikalia kama polisi, na ile moja iliyotoka mkononi mwangu nikairuka. Na mwenye mgahawa alikuwa ameshanipa mlango wa kutokea, umefunguliwa wazi, ningeweza kupita na hakuna ambaye angenishika isipokuwa yule aliyekuwa anasugua kiatu. Niseme ukweli wote: niliutazama ule mlango. Kitambo kidogo tu, lakini niliutazama.

Mlango mwingine ukafunguka, akatoka mama wa mtoto. Kitenge kilikuwa kimelowa kifuani. Tukasimama wote.

"Anapumua," akasema. "Daktari anasema watamulinda hapa mpaka kesho, sababu inaweza kurudi. Lakini anapumua."

Mpishi akasema "Bambi," neno la huruma la Kiganda, akaketi ghafla, akalia kwa sauti.

Nami nikasema, kabla ujasiri haujanitoka: "Mama, kosa ni langu. Mpishi hakunificha. Maharage hayo nilimfundisha mimi miaka mingi iliyopita, nikasahau kuwa yana nazi. Aliniuliza kama nitayakagua, nikamcheka. Nimeandika 'haina' kwa mkono wangu. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

Alinitazama usoni. Nilitaka anizabe kofi, na ninadhani naye alitaka.

"Mimi ninaulizaka mara tatu kila fasi," akasema. "Mhudumu, mpishi, tena mpishi. Leo sikuuliza mara ya pili. Nilikuamini wewe."

Akarudi ndani, mlango ukafungwa. Hakusema amenisamehe, na ni haki yake.

Jioni ile ile niliziondoa menyu zote mezani, moja moja, nikazifungia kabatini. Kesho yake asubuhi nikakaa na sufuria ya maharage toka kuchambua mawe. Mwenye mgahawa hakumfukuza mtu. Nilimwambia kwamba akimfukuza mpishi nitasimama barabarani na kibao, na ananijua kwa vibao. Tukabadilisha utaratibu: mimi nikaandika orodha yangu ya kila chakula, mpishi akamtajia karani ya kwake katika chumba kingine, kisha tukazilinganisha. Mahali zilipotofautiana ndipo tulipokaa na sufuria. Zilitofautiana mara kumi na moja. Katika orodha ya mpishi, mstari wa maharage ulikuwa na nazi, ya kwanza kabisa, kabla ya maharage yenyewe.

Juu ya menyu mpya tukaandika kwa lugha zote tatu: ukidhurika na chakula chochote, mwambie mpishi mwenyewe kabla ya kuagiza. Tena chini: uliza mara ya pili.

Siku tano baadaye mama yule alirudi na mtoto. Walikuwa njiani kwenda kupanda basi la kwao. Mtoto alikuwa amekonda uso kidogo, lakini alikuwa anaruka ngazi. Nilikuwa pale nikisahihisha karatasi, nikasimama, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Hatukuje kukula," mama akasema. "Nimekuja na kitu moja." Akatoa kadi tupu. Alitaka niandike kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiganda: mtoto huyu hali karanga wala nazi, hata kidogo, hata kwenye mafuta, hata kwenye kijiko. Ya Kifaransa alikuwa nayo tayari.

"Unataka niandike mimi?" nikamuuliza.

"Wewe hutasahau tena," akasema.

Nikaandika. Nikaharibu kadi ya kwanza, akanipa nyingine. Kiganda kilisomwa na mhudumu, Kiswahili akakisoma mpishi kwa sauti, polepole, kidole kwenye neno. Alipofika mwisho akasema, "Weka na kinu." Nikaongeza kinu.

Wakati wote huo mtoto alikuwa anatazama jikoni. "Mama," akasema, "nina njaa."

Mkebe wa mayai ulikuwa kwenye mfuko. Mama aliutazama mfuko. Kisha akamtazama mpishi, si mimi.

Mpishi alibeba meza ndogo akaiweka mlangoni pa jiko, akapanga juu yake kila kitu: samaki aliyefika kutoka Ggaba asubuhi, mzima, na magamba yake, chumvi, nyanya mbili, kitunguu, ndimu, chupa ya mafuta ambayo haijafunguliwa, sufuria yenye utambi mwekundu. Akanawa mikono hadi viwikoni, akanawa tena. Mama yule akavuta kiti, akakaa mbele ya ile meza, akaangalia kila kitu kikitoka mezani na kuingia sufuriani. Hapakuwa na la kutafsiri. Hapakuwa na karatasi. Mimi nilisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Chakula kikaiva. Mtoto akapewa sahani. Mama akaonja kwanza, akampa kijiko. Mtoto akala cha kwanza, akaniangalia, akala cha pili. Cha tatu kilipoingia mdomoni nikajikuta nimeshika ukingo wa meza.

"Kaa, mama," mama yake akaniambia, akanisogezea kiti kwa mguu. "Kula na sisi."

Nilikaa. Mpishi aliniletea sahani ya samaki yule yule, akaiweka mbele yangu. Sikuigusa. Nilikuwa namsikiliza mtoto akipumua, na sikutia kitu mdomoni mpaka alipomaliza, akalamba kijiko, akauliza kama kuna kingine.